Naomba mnisomee barua hii kabla sijaituma kwa mama

Mtunza Stoo

Habari za jioni wakuu. Nipo Mafinga, natunza stoo kwenye kiwanda cha mbao. Mama yangu yuko kijijini Rungwe. Alinilea peke yake Isanga, pale Mbeya mjini, kwa biashara ya ndizi: anazifuata Kiwira, anauza Mwanjelwa. Mwezi ujao anafikisha miaka 60. Sherehe hapendi, na mimi sina mpango nayo. Nataka nimwandikie barua ya mkono ya kumshukuru, ifike kabla ya siku hiyo.

Tatizo langu ni maneno. Nimeandika mara tatu, nikachana mara tatu. Kila nikianza nakuta nimeandika ya kwenye kadi: mama ni nguzo, mama ni taa, hakuna kama mama. Ni kweli yote, lakini mtu yeyote wa nyumba ya pili angeweza kumwandikia mama yake hayo hayo bila kubadilisha herufi. Na mama yangu si wa maneno hayo. Ukimsifia anakuuliza kama umekula.

Mara ya nne nikaamua niandike kitu kinachomhusu yeye tu. Nimeandika hivi:

*Mama, shikamoo. Nimekaa nikapiga hesabu. Mwaka 2008 nilipoingia kidato cha kwanza, ada ya bweni ilikuwa 70,000 kwa mwaka. Mkungu ulikuwa unanunua Kiwira kwa 1,500, nauli ya mzigo 300, ushuru ukigawanya ni kama 50. Vichane vyake vyote ukiviuza unapata 2,600. Faida 750. Kwa hiyo ada yangu ya mwaka ilikuwa mikungu 94. Uliinunua, ukaipakia, ukaishusha, ukaiuza. Nakushukuru kwa mikungu hiyo 94.*

Basi, imeishia hapo. Naomba mniambie kama ni kavu mno.

Kuna jambo jingine sijui niliweke au niliache. Julai 2008 nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya nusu ya pili ya ada, 35,000. Nilikaa siku tisa. Nilikuwa nimenuna siku zote hizo, nikiulizwa najibu kwa kichwa. Niliona amezembea. Mama hakujieleza hata siku moja. Siku ya kumi asubuhi akanipa hela imefungwa kwenye kona ya leso, nikarudi shule. Hatujawahi kulizungumza.

Babu wa Igawilo

Kijana, mimi nilifundisha Kiswahili miaka mingi, niruhusu niseme. Barua ya kwa mama ina taratibu zake. Anwani juu kulia, tarehe, kisha salamu kamili: umwamkie, umuulize hali, umweleze hali yako na ya jamaa ulionao huko. Ndipo uingie kwenye lengo. Hapo umemrukia mtu mzima na bei ya ndizi kabla hajajua kama unaumwa au umefukuzwa kazi. Mzazi akipokea bahasha ambayo hakuitarajia, kitu cha kwanza kinachomjia ni msiba.

Pili, barua ya shukrani isizidi ukurasa mmoja, na fedha zisitajwe humo kabisa. Kumtajia mama shilingi ni kumhesabia. Mtoto hamlipi mama.

Wakili wa Mtaani

Mkuu pole sana kwa uliyopitia. Kama baba yako alikuwa hai na hakutoa matunzo, ujue Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi anayelea haki ya kuomba amri ya matunzo mahakamani. Aanzie ustawi wa jamii, ofisi ipo halmashauri. Hizo hesabu za ada zitunzeni, ni ushahidi mzuri.

Mtunza Stoo

Ndugu, asante, lakini sidai kitu. Mimi ni mtu mzima sasa, na baba alishafariki. Nataka kumshukuru mama tu.

Babu, shikamoo. Hilo la salamu nimelipokea. Kweli sikufikiria bahasha itamshtua vipi. La fedha bado linanisumbua, maana nikitoa zile namba barua inarudi kuwa kadi.

Mama Kimalindi

Mwanangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Mimi nimebeba ndizi kati ya Kiwira na Mwanjelwa tangu 1998 hadi magoti yaliponikataa. Mama yako huenda nikimwona sura namfahamu. Sitaki kukufundisha kuandika, Babu yupo. Nataka kukurekebishia hesabu, kwa sababu ukimpelekea hiyo 94 atacheka, atajua hukuwa unaangalia.

Hesabu yako inamhusu mtu ambaye kila mkungu alioununua ameuuza. Hakuna mtu wa namna hiyo kwenye ndizi mbivu. Ukipakia mikungu kumi kwenye gari la mzigo, njiani inagongana. Palipogonga hupaoni siku hiyo, unapaona ikishaiva: panakuwa peusi na laini. Mwingine unakuta ulikatwa mchanga, unalainika bila utamu. Kwa mfanyabiashara mwangalifu, weka mmoja katika kumi umekwenda. Miezi ya baridi ni zaidi.

Sasa piga upya. Mikungu kumi kwa 1,500 ni 15,000. Nauli 3,000, ushuru 500. Ametoa 18,500. Ameuza tisa kwa 2,600, ni 23,400. Faida 4,900 kwa mikungu kumi, yaani 490 kwa kila mkungu alioununua, si 750. Sabini elfu ukiigawa kwa 490 ni mikungu 143.

Na hapo bado hamjala, hamjalipa kodi ya chumba, hamjanunua mafuta ya taa. Faida ya ndizi huanza kwa unga, ada inapata kilichobaki. Ukiniuliza mimi, ada yako ilipita mikungu 300. Lakini hilo sina ushahidi nalo, 143 ninayo.

Nakuuliza swali moja: alikuwa anavundika wapi?

Mtunza Stoo

Shikamoo mama. Nimeisoma hii nikiwa stoo, nikafunga dirisha la kutolea vifaa kwa dakika chache.

Kazi yangu mimi kila mwezi ni kujaza safu ya vilivyoharibika. Misumari iliyopata kutu, gundi iliyoganda. Bosi haangalii kingine. Halafu namwandikia mama yangu hesabu isiyo na safu hiyo.

Alikuwa anavundika kwenye chumba cha kukodi nyuma ya soko, yeye na wenzake wawili. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 chumba kile kiliteketea pamoja na meza yake na mikungu 11. Na kaunta buku ya wadeni wake. Baada ya hapo alivundika nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili: cha mbele analala yeye na ndipo jiko lilipo usiku, cha nyuma nalala mimi.

Mama Kimalindi

Basi na Julai yako naijua.

Kiwira na Mwanjelwa si mbali kwa gari, lakini kwa baridi ni nchi mbili. Ndizi inataka joto ili iive. Wakati wa joto ukivundika vizuri, siku nne au tano una ndizi ya njano. Juni na Julai, Mbeya usiku unaona mvuke ukipumua, na ndizi inakaa siku nane, tisa, bado kijani. Ikipigwa na baridi kali inaharibika kabisa: ganda linakuwa la kijivu kama lina vumbi, halipati njano hata ukiirudisha kwenye joto. Hiyo mteja haigusi.

Anayeanza biashara akiona haziivi huwa anaingiza chungu cha makaa. Nimewaona wengi. Nje inalainika, ukimenya katikati kuna mti. Na makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu. Mzoefu hafanyi hivyo. Anatandika majani makavu ya mgomba chini, anapanga mikungu vikonyo vikiwa ndani, anaweka mmoja uliokwisha iva katikati kwa sababu ndizi mbivu huwavuta wenzake, anafunika majani tena, halafu anafunika kitu kizito juu. Gunia, turubai, chochote kinachoshika joto. Na kama ana nyumba, anazihamishia chumba wanacholala watu, kwa sababu chumba chenye watu hakipoi kama kisicho na watu.

Ulipofika Julai ile, ndizi zilikuwa chumba gani?

Mtunza Stoo

Chumbani kwangu.

Nilikuta nusu ya chumba imejaa. Nilinuna na hilo pia, harufu ya majani usiku kucha, na mama anaingia saa tisa za usiku na tochi, anapitisha mkono chini ya kifuniko anabonyeza moja moja. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani kwa kuwa nipo bweni, chumba kimegeuzwa stoo na kurudi kwangu kumemharibia mpangilio.

Kumbe alikuwa anasubiri ziive ndipo 35,000 itoke. Siku tisa. Na mimi nimelala pembeni yake nimenuna.

Mama Kimalindi

Ndiyo. Na asingekueleza. Ukimweleza mtoto kwamba ada yake iko chini ya majani inasubiri joto, atarudi shule akiwaza hilo badala ya kusoma. Mimi wangu sikuwaeleza pia. Sijui kama tulifanya vizuri.

Mbena wa Makambako

Kamwene wote. Naomba nieleze yangu, huenda ikasaidia. Mimi nililelewa na baba peke yake, mama alifariki nikiwa darasa la pili. Mwaka juzi nilimwandikia mzee barua ndefu ya shukrani. Nikaweka kila kitu: jinsi alivyokuwa anatusonga nywele mimi na dada kwa kubahatisha, jinsi alivyouza ng'ombe, na ile mara alipokopa kwa jirani mmoja akashindwa kulipa kwa wakati, wakatukanana barabarani mbele yetu. Niliandika kwa upendo kabisa, nikasema nilimwona shujaa siku ile.

Mzee macho yamepungua. Barua ilipofika, aliyemsomea ni mjukuu wa jirani yule yule. Aliisoma yote kwa sauti, barazani, watu wamekaa. Mzee hakunipigia simu wiki tatu.

Kwa hiyo swali langu kwako si kama ni kavu au la. Nani ataisoma?

Mtunza Stoo

Dah. Pole sana ndugu yangu. Mama alimaliza darasa la saba, anasoma vizuri, lakini miwani yake ilivunjika mwaka jana na amekuwa akisema ataishughulikia. Nadhani atasomewa na mtoto wa dada yake, yupo darasa la sita.

Mbena wa Makambako

Basi iandike kwa ajili ya huyo mtoto wa darasa la sita. Herufi kubwa, kalamu ya wino mweusi, sentensi fupi ili asikwame katikati. Na kila sentensi jiulize kama mama yako angependa mtoto huyo aitaje mbele ya mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Madeni, ugomvi, baba, hivyo mwambie uso kwa uso.

Babu wa Igawilo

Hilo ni neno la maana, na sikulifikiria. Nilikuwa nafundisha barua kana kwamba anayepokea ndiye anayesoma.

Kuhusu ukurasa mmoja nalegeza. Kuhusu fedha, nabaki palepale. Mtoto wa darasa la sita akisoma bei na faida, kila anayesikia atajua mama alikuwa anapata shilingi ngapi. Mama wa Kinyakyusa hapendi biashara yake ijulikane mpaka senti.

Mama Kimalindi

Babu, hapo nakubali nusu. Bei atoe. Lakini idadi ya mikungu aiache. Mikungu si siri, kila mtu sokoni aliiona kichwani. Mimi mwanangu angenitajia kwamba anajua ni 143, ningejua ameona kazi yangu. Akiniambia mimi ni malaika, sijui ameona nini.

Babu wa Igawilo

Wewe ni mfanyabiashara, namba kwako ni heshima. Kuna mama ataisikia kama risiti. Kijana ndiye anamjua mama yake, tumwachie.

Sista wa Tukuyu

Samahani nimechelewa kuingia. Swali kwa mleta uzi: baba humtaji kabisa? Mimi mama yangu alitulea peke yake pia na tulipomshukuru bila kumtaja baba alisema tumeruka kitu. Kwake kulea peke yake ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Alitaka mtu aseme kwamba alikuwa peke yake.

Mtunza Stoo

Dada, hilo limenikalia tangu asubuhi. Mama hajawahi kumsema baba vibaya mbele yangu wala vizuri. Nikimtaja naogopa inakuwa barua ya baba. Nisipomtaja, pengine inakuwa kama unavyosema. Nimejaribu kuandika sentensi moja tu inayosema alikuwa peke yake bila kusema nani hakuwepo. Mtaniambia.

Kuna kitu kingine kimenijia baada ya hesabu ya Mama Kimalindi. Ule mkungu mmoja katika kumi, ulioharibika: sikumbuki hata siku moja mama akitupa ndizi. Nimefikiri sana zilikuwa zinakwenda wapi. Halafu nikakumbuka Jumapili. Karibu kila Jumapili alikuwa anatengeneza mkate wa ndizi: anamenya zile zilizolainika kupita kiasi, anatoa palipooza kwa kisu, anaziponda na unga wa mahindi, anafunga kwenye jani la mgomba alilolipitisha kidogo motoni lisipasuke, anapanga sufuriani na maji kidogo chini. Mimi na watoto wa mpangaji mwenzetu tulikuwa tunakaa mlangoni tukisubiri jani lifunguliwe. Mkate ulikuwa unatoka na rangi ya kahawia, mtamu, jani limeacha mistari yake juu.

Miaka yote hiyo nilijua Jumapili ni siku ya kitu kitamu. Kumbe tulikuwa tunakula hasara.

Mbena wa Makambako

Hiyo iweke. Hata mgeni wa chumvi akisikia, haina aibu.

Mama Kimalindi

Iweke, lakini usitumie neno hasara. Yeye aliufanya usiwe hasara.

Mtunza Stoo

Wakuu, nimeandika tena. Kurasa mbili za daftari, herufi kubwa. Naiweka yote hapa.

*Mafinga*
*Jumapili jioni*

*Mama, shikamoo.*

*Mimi ni mzima. Sina shida yoyote, kazi inaendelea vizuri. Barua hii haina habari mbaya. Huku baridi imeanza, asubuhi ukungu unafika mpaka mlangoni. Msalimie mama mdogo na watoto. Wewe unayesoma, nakusalimia pia, soma taratibu.*

*Mama, mwezi ujao unafikisha miaka 60. Nimeona nikuandikie mambo machache niliyoyajua nikiwa mkubwa.*

*La kwanza ni mikungu. Nimepiga hesabu na mtu aliyefanya kazi yako miaka mingi. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilikuwa mikungu 143. Hiyo ni ada tu, bila chakula. Kila mmoja uliuchagua Kiwira, ukaupandisha garini, ukaushusha, ukauvundika, ukaukata vichane. Hukuwa na mtu wa kukushikia upande wa pili. Sikuwahi kuihesabu nilipokuwa mdogo. Sasa nimeihesabu.*

*La pili ni Julai ile niliporudi nyumbani. Nilikaa siku tisa na sikukusemesha vizuri. Sikujua kwamba ndizi haziivi kwenye baridi. Sikujua kwa nini ulizihamishia chumbani kwangu, wala kwa nini ulikuwa unaamka saa tisa na tochi. Blanketi letu la kijivu lilikuwa juu ya ndizi na mimi nilijifunika koti lako. Nilikasirika. Sasa najua ulikuwa unafanya nini. Nilikosea, mama.*

*La tatu ni mkate wa ndizi wa Jumapili. Nimejaribu kuupika huku. Majani ya mgomba Mafinga hayapatikani kirahisi, nikatumia karatasi, haukushikana. Nikija nifundishe unavyolipitisha jani motoni.*

*Miwani ulisema utaishughulikia. Nimeongea na mtu Mbeya, nikija tarehe 12 tutakwenda pamoja kupima. Usiagize mtu akununulie ya mtaani.*

*Ndaga fijo, mama.*

*Mwanao*

Sista wa Tukuyu

"Hukuwa na mtu wa kukushikia upande wa pili." Hapo umesema. Mimi nimetosheka.

Babu wa Igawilo

Salamu ziko sawa. Kumsalimia msomaji ni jambo zuri, mtoto atasoma kwa bidii. Mimi hata sasa ningeitoa ile 143. Lakini barua ni yako.

Neno moja la mwalimu. Uliandika mwanzo "nilikosea, naomba unisamehe sana", au nabahatisha?

Mtunza Stoo

Hujabahatisha, Babu. Ilikuwepo, na nyingine mbili zikifuata. Nilizifuta kwa sababu nilimwona mtoto wa darasa la sita anasoma "nisamehe" mara tatu na mama hana pa kuangalia. Ikibaki moja bila kuomba jibu, anaweza kuipita kama hataki kuizungumzia.

Wakili wa Mtaani

Mkuu naomba radhi kwa niliyoandika mwanzo, nilisoma kichwa cha habari na mistari michache tu. Barua nzuri. Nimempigia mama yangu.

Mama Kimalindi

Mwanangu, kuhusu jani: usilipitishe kwenye mwali, lipitishe juu ya makaa upande wa mgongo, ukiona limeng'aa na kuwa kijani iliyokolea, toa. Kata ule mshipa mnene wa katikati kwanza. Lakini usimwambie nimekufundisha, mwache akufundishe yeye.

Utaituma kwa njia gani?

Mtunza Stoo

Kwa basi. Kuna kondakta wa njia ya Mbeya namfahamu, ataishusha Uyole kwa binamu yangu anayeuza vocha, yeye Jumamosi anapanda Rungwe. Nimeiweka kwenye bahasha ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua za kule. Sukari kilo mbili na chumvi nimeziweka humo humo, ili mfuko usionekane wa barua peke yake.

Mbena wa Makambako

Utuambie.

Mtunza Stoo

Wakuu, nimerudi. Barua ilifika Jumamosi jioni. Mama alinipigia Jumapili baada ya ibada.

Tuliongea muda mrefu kuliko kawaida yetu. Aliniuliza kuhusu baridi ya huku, akaniambia ng'ombe amezaa, akauliza kama hiyo tarehe 12 ni uhakika ili asipange kwenda shambani. Kuhusu mikungu hakusema kitu, kwa hiyo kati ya Babu na Mama Kimalindi bado sijui nani alikuwa sahihi. Mkate alisema nitafute majani ya mgomba, karatasi haifai, na akaishia hapo.

Nilipodhani anataka kukata simu akaniambia kuna kitu mtoto alisoma sivyo, au mimi niliandika sivyo. Akasema blanketi lililokuwa juu ya ndizi halikuwa la kijivu. La kijivu nilikuwa nimeondoka nalo Januari, lilikuwa bwenini. Lile lilikuwa la kahawia, la kitandani kwake.

Nikamuuliza, sasa wewe ulikuwa unajifunika nini?

Akasema salio la simu linaisha, tutaongea tarehe 12.